Jina refu, visanduku vichache: namna ya kujaza fomu bila kupoteza herufi wala kubadili mpangilio

Majina mengi ya Kiha ni sentensi nzima iliyoshikana, kwa hiyo huku Kigoma mtu wa Kasulu, Buhigwe au Kibondo anaweza kuwa na jina moja la herufi 12 au 13 kabla hajafika kwenye jina la pili. Ujiji nako kuna akina Abdulrahmani, herufi 12 tayari. Fomu ya karatasi haijui hayo. Imechorewa visanduku kadhaa, herufi moja kwa kila kisanduku, na mwenye jina refu anagundua kwamba havitoshi akiwa ameshaandika nusu kwa wino.

Hapo watu hufanya moja ya mambo manne: wanakata mkia wa jina, wanaligeuza jina la kati kuwa herufi moja yenye nukta, wanaunganisha majina mawili ili kuokoa nafasi ya katikati, au wanalihamishia jina refu kwenye mstari wenye visanduku vingi zaidi. Njia zote nne zinazaa jina jipya. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 itasoma sawasawa, lakini jina lililo kwenye fomu halitafanana na lililo kwenye kumbukumbu, na mhusika ataambiwa akalete kiapo cha wakili kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kiapo kina gharama, na kwa anayetoka kijijini Uvinza kuna nauli pia.

Maelezo yanayofuata ni ya fomu za kujaza kwa mkono. Tutatumia jina moja tulilolitunga kwa ajili ya zoezi hili: GENEROZA NTAHOMVUKIYE BIGIRINDAVYI.

Kwanza, jina linatoka kwenye karatasi gani

Usijaze jina kwa kumbukumbu, wala kwa namna unavyoitwa nyumbani. Weka mezani hati ambayo ofisi husika itailinganisha na fomu yako. Ukiomba kitambulisho cha Taifa, hati hiyo kwa kawaida ni cheti cha kuzaliwa. Ukifungua akaunti ya benki, ni kitambulisho chenyewe cha Taifa. Ukiomba chuo au mkopo wa masomo, ni cheti cha kidato cha nne pamoja na cha kuzaliwa. Nakili herufi kwa herufi, ukiweka kidole chini ya kila herufi kwenye hati.

Angalia hasa sehemu zinazopotea kwa urahisi katika majina ya huku kwetu. R na L hubadilishana masikioni, kwa hiyo Bigirindavyi hugeuka Bigilindavyi. VYI huandikwa VI. NTA ya mwanzo hudondosha N. Kwa majina ya Kiislamu angalia nafasi: kama cheti kinasema ABDUL RAHMANI kwa maneno mawili, fomu nayo itasema maneno mawili, hata kama jirani yako mwenye jina hilohilo analiandika kwa neno moja.

Hati mbili zikitofautiana, usichanganye kidogo kutoka hapa na kidogo kutoka kule. Muulize karani ni ipi inayotawala, ufuate hiyo peke yake, na tofauti ile uishughulikie kama jambo la pembeni.

Pili, hesabu kabla ya kugusa fomu

Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Andika jina lote kwa herufi kubwa, herufi moja kwa kila mraba, na uache mraba mmoja mtupu kati ya jina na jina. Jina letu la mfano linakwenda hivi: GENEROZA herufi 8, NTAHOMVUKIYE herufi 12, BIGIRINDAVYI herufi 12. Jumla ni herufi 32. Ongeza nafasi mbili za katikati, unapata 34. Hiyo 34 ndiyo namba ya kulinganisha na fomu. Wengi huhesabu herufi peke yake, wanaona 32 zinaenea, kisha nafasi mbili zinawaumbua mwishoni mwa mstari.

Sasa hesabu visanduku vya fomu kwa ncha ya kalamu iliyofungwa, bila kuchora kitu. Hesabu mara mbili, mara moja kutoka kushoto na mara moja kutoka kulia, kwa sababu visanduku vya milimita 5 vikifuatana jicho huruka.

Hapo utakuwa na moja ya hali tatu. Fomu ina mistari miwili au zaidi kwa ajili ya jina zima; fomu ina mstari mmoja tu; au fomu ina mstari wake kwa kila jina. Kila hali ina njia yake.

Kabla hujachagua njia, jua nani atakayeisoma fomu. Fomu inayosomwa na mashine hujitambulisha: ina miraba midogo myeusi iliyojaa kwenye pembe za karatasi, au mfululizo wa vistari vyeusi pembezoni, na mara nyingi visanduku vyake vina rangi hafifu kama ya waridi au chungwa, si weusi. Maelekezo yake husema usiikunje. Fomu isiyo na alama hizo, kwa kawaida, itasomwa na karani anayechapa kwenye kompyuta. Tofauti ni kubwa, kwa sababu karani anaweza kusoma herufi mbili ndani ya kisanduku kimoja, lakini mashine iliyopangwa kusoma herufi moja itatoa kitu kingine kabisa. Kila tunachosema hapa chini kuhusu kubana herufi na kutoka nje ya mstari ni kwa fomu ya karani peke yake.

Mistari miwili: acha jina likatike

Tuseme fomu ina mistari miwili ya visanduku 20, jumla 40. Jina letu linahitaji 34, kwa hiyo linatosha bila kubana chochote. Lakini tazama linavyokaa:

```
|G|E|N|E|R|O|Z|A| |N|T|A|H|O|M|V|U|K|I|Y|
|E| |B|I|G|I|R|I|N|D|A|V|Y|I| | | | | | |
```

Herufi E ya mwisho ya NTAHOMVUKIYE imeangukia mstari wa pili peke yake. Mkono wa mtu unakataa kuandika hivyo. Atataka kuliacha jina zima lishuke chini ili lisikatike. Jaribu uone: NTAHOMVUKIYE 12, nafasi 1, BIGIRINDAVYI 12, jumla 25, na mstari una visanduku 20. Herufi tano zinabaki nje. Kwa hiyo jina lazima likatike, na hakuna ubaya.

Kuna makosa matatu ya kuepuka hapa. La kwanza ni kuweka kistari mwishoni mwa mstari, kama tunavyofanya tukikata neno kwenye insha. Kwenye fomu, kistari ni sehemu ya jina. Karani akiona NTAHOMVUKIY-E atachapa kistari hicho, na pia kitakuwa kimekula kisanduku kimoja.

La pili linawapata wale ambao jina lao linaisha barabara kwenye kisanduku cha mwisho cha mstari. Tuseme jina la pili lingekuwa na herufi 11 badala ya 12. Lingejaza mstari mpaka ukingoni, na jina la tatu lingeanza mstari wa chini. Hapo ni lazima kisanduku cha kwanza cha mstari wa chini kiachwe kitupu, kwa sababu ndiyo nafasi ya kati ya majina. Usipokiacha, msomaji anayefuata visanduku ataunganisha majina mawili kuwa moja refu la ajabu.

La tatu ni ile E ya peke yake. Karani mwenye haraka anaweza kuiona E ikifuatiwa na nafasi, akadhani ni kifupisho cha jina jingine, akachapa GENEROZA NTAHOMVUKIY E. BIGIRINDAVYI. Dawa yake ni hesabu ya pembezoni. Kwenye ukingo mtupu, karibu na mstari wa kwanza, andika kwa herufi ndogo nadhifu: *majina 3: 8 + 12 + 12*. Karani akichapa akaona jina la pili lina herufi 11, atajua kuna moja imebaki. Kwenye fomu ya mashine usiandike kitu pembezoni. Hesabu hiyo ipeleke kwa mdomo unapokabidhi.

Mstari mmoja: kubana bila kuficha

Hii ndiyo hali ngumu, na ndiyo inayostahili muda wako. Fomu ina mstari mmoja wa visanduku 30, na wewe unahitaji 34. Umepungukiwa vinne.

Jambo linalokuja haraka ni kufuta zile nafasi mbili za katikati, upate viwili bure. Usifanye hivyo. Nafasi ndiyo inayomwambia msomaji wapi jina la baba linaanza, na kwenye majina marefu ya Kiha hakuna mgeni anayeweza kukisia mpaka huo. Herufi zitabanwa, nafasi hazibanwi.

Utaweka herufi mbili ndani ya kisanduku kimoja mara nne. Swali ni visanduku vipi. Watu wengi hubana mwishoni, pale wanapogundua kwamba wameishiwa, na matokeo yake herufi sita za mwisho zinarundikana ndani ya visanduku viwili zikisomeka kama kovu. Kubana kunapangwa tangu mwanzo, kwenye daftari.

Kanuni zake zinatokana na umbo la herufi. Kisanduku cha upana wa milimita 5 kinabeba herufi mbili kama moja wapo ni nyembamba, na katika majina yetu nyembamba ya kutegemea ni I. Tafuta kila mahali ambapo I inafuata herufi nyingine: KI, GI, RI, TI, YI, HI. Hizo ni jozi salama, kwa sababu herufi pana inasimama kwanza na I inakaa ubavuni mwake kulia.

Jozi nyingine ni hatari kwa sababu mbili zikigusana zinageuka herufi ya tatu. L na I zikishikana chini zinakuwa U. I na V zinakuwa N. V na V zinakuwa W. I na N, au N na I, zikibanwa zinakaribia M. C na I, au C na L, zinafunga duara na kusomeka D au O. Ukiona jozi hizo kwenye jina lako, kila herufi ipewe kisanduku chake, kisha ubane kwingine.

Kuna mahali pawili pa kuacha hata kama jozi ni salama. Pa kwanza ni herufi ya kwanza ya kila jina, kwa sababu mafaili na orodha hupangwa kwa herufi hiyo na macho ya karani huanza hapo. Pa pili ni sehemu ambayo hati yako tayari husomwa vibaya. Kama watu hukosea VYI kuwa VI na huna jozi nyingine ya kubana badala ya YI, angalau ipe V kisanduku chake isimame wazi.

Sasa tupange. GENEROZA haina I, iache ilivyo. NTAHOMVUKIYE ina KI, jozi moja. BIGIRINDAVYI ina BI, GI, RI na YI. BI tunaiacha kwa sababu B ni herufi ya kwanza ya jina. Tunabaki na KI, GI, RI, YI, na hizo ni nne, sawa na upungufu wetu:

```
|G|E|N|E|R|O|Z|A| |N|T|A|H|O|M|V|U|KI|Y|E| |B|I|GI|RI|N|D|A|V|YI|
```

Hesabu: GENEROZA inakaa kisanduku 1 hadi 8, cha 9 kitupu, NTAHOMVUKIYE kinatoka 10 hadi 20, cha 21 kitupu, BIGIRINDAVYI kinatoka 22 hadi 30. Herufi zote 32 zipo, nafasi zote mbili zipo, na mpangilio haujaguswa.

Unapoandika, tumia kalamu ya wino yenye ncha nyembamba. Kalamu inayovuja au ya ncha nene hujaza tundu la R na la B. Andika herufi pana ya jozi kwa upana kama wa milimita 2 na nusu, acha mwanya unaoonekana, kisha I. Iwekee I vistari vifupi juu na chini, isisomwe kama tarakimu 1 au kama mguu wa herufi ya jirani. Usichore mstari wa kutenganisha herufi mbili ndani ya kisanduku; mstari huo utasomwa kama I nyingine au L. Mwanya mtupu unatosha.

Herufi nyingine za kuangalia katika majina haya ni U na V, kwa sababu zinafuatana mara nyingi. U iwe na tako la duara kabisa, V iwe na ncha kali. Katika NTAHOMVUKIYE, mkono wa haraka hutoa MVVK au MUUK, na karani hana namna ya kujua. G nayo iwe na kijistari chake cha ndani, la sivyo itakuwa C.

Hapa pia weka ile hesabu ya pembezoni, *8 + 12 + 12*. Kwenye jina lililobanwa ni ya lazima kuliko kwenye mistari miwili, kwa sababu karani aliyezoea kisanduku kimoja herufi moja atahesabu visanduku 9 vya BIGIRINDAVYI na kuridhika. Namba 12 ndiyo itakayomrudisha.

Je, mwisho wa kubana ni wapi? Tunaona kwamba ukilazimika kubana zaidi ya theluthi ya visanduku vya jina moja, au ukilazimika kutumia jozi za hatari, acha. Fomu hiyo haikutoshi, na inahitaji karatasi ya nyongeza tutakayoieleza baadaye kidogo.

Wenye ritifaa katika majina wana nafuu moja. Wasukuma walioko Uvinza, na wa Igunga na Nzega kule Tabora, wana majina kama NG'WANAMASHIMBA: herufi 14 na ritifaa moja. Visanduku vikitosha, ipe ritifaa kisanduku chake, kwa sababu iliyowekwa pembeni hupotea kwenye fotokopi. Visipotosha, hiyo ndiyo ya kwanza kubanwa kabla ya herufi yoyote: iweke juu kulia ndani ya kisanduku cha G, kubwa na nyeusi. Kuiacha kabisa ni kubadili jina.

Kila jina na mstari wake

Fomu nyingine zina mstari wa jina la kwanza, wa jina la kati na wa jina la mwisho au la ukoo. Hapa hesabu kila jina peke yake. Tuseme mstari wa jina la kati una visanduku 10 tu na wa ukoo una 14. NTAHOMVUKIYE inapungukiwa viwili, BIGIRINDAVYI inabaki na viwili vya ziada. Kishawishi ni kubadilishana mistari. Haiwezekani hata kwa hesabu, maana yote mawili yana herufi 12, lakini kwa majina mengine ingewezekana, na ndipo watu wanapogeuza jina la babu kuwa la baba bila kukusudia.

Jozi salama kwenye NTAHOMVUKIYE ni KI peke yake, inayookoa kisanduku kimoja. Kinachobaki, kama upande wa kulia wa mstari una ukingo mtupu wa kutosha, chora kwa rula kisanduku kimoja cha ukubwa uleule kinachogusana na cha mwisho, uandike E ndani yake. Karani husoma kisanduku kilichochorwa vizuri kama sehemu ya mstari. Herufi iliyoning'inia nje bila kisanduku hupuuzwa kama doa.

Soma pia lebo za mistari, si mahali ilipo. Fomu nyingine hutanguliza jina la ukoo juu, halafu majina mengine chini yake. Anayejaza kwa mazoea huandika GENEROZA mstari wa juu na tayari ameshageuza mpangilio. Fuata lebo: BIGIRINDAVYI inakwenda kwenye mstari wa ukoo popote ulipo.

Mwenye majina mawili ya kati huyaweka yote kwenye mstari wa kati kwa kuacha kisanduku kati yao. Mwenye majina mawili tu huacha mstari wa kati mtupu. Asikate jina refu vipande viwili ili kuujaza.

Karatasi ya nyongeza

Visanduku vikishindwa kabisa, au fomu ikiwa ya mashine, muulize karani kabla ya kuandika chochote kama anapokea karatasi ya nyongeza. Akikubali, andika kwenye mstari wa fomu herufi zote zinazoingia, moja kwa kila kisanduku, kwa mpangilio wake, mpaka kisanduku cha mwisho. Usifupishe ili jina lionekane limekamilika. Jina lililokatika waziwazi ukingoni humfanya msomaji atafute lililobaki, lakini jina lililofupishwa kwa ustadi humdanganya.

Kwenye karatasi nyeupe ya A4 andika juu namba ya fomu kama ipo, kisha lebo ya mstari kama ilivyo kwenye fomu, kisha jina zima kwa herufi kubwa na idadi ya herufi za kila jina, halafu saini na tarehe. Ibane kwa pini nyuma ya ukurasa wenye jina, na sehemu ya maelezo ya ziada, kama fomu inayo, andika kwamba jina kamili liko kwenye karatasi iliyoambatishwa.

Karatasi yenyewe

Fomu unayochapa steshenari, iwe Mwanga ya Kigoma mjini au Kasulu mjini, mwambie mchapaji achague `Actual size` au `100%`, si `Fit`. Akichagua `Fit`, ukurasa unaweza kupungua kidogo, na kila kisanduku nacho kinapungua. Kwa mtu wa kubana, nusu milimita ni kitu. Kwa fomu ya mashine, alama za pembeni zinahama mahali pake.

Toa kopi ya ziada ya ukurasa wa jina na ufanyie zoezi hapo kwanza kwa penseli. Ukikosea kwenye fomu halisi usitumie wino mweupe wa kufutia. Chukua fomu nyingine, au kama ni moja tu, muulize karani kama anakubali mstari mmoja wa kukata na saini ndogo pembeni.

Fomu za kaboni zina tatizo lake. Nakala ya tatu chini hupokea herufi zilizovimba, na jozi ulizobana huungana. Andika juu ya meza ngumu kwa mkandamizo sawa, weka kadi ngumu chini ya nakala ya mwisho, kisha funua na utazame jozi zako kwenye nakala ya chini kabisa. Kama KI haisomeki huko, mwambie karani palepale.

Kwenye kompyuta ya karani

Fomu iliyojazwa vizuri bado inaweza kuharibika wakati wa kuchapwa, na hapo ndipo herufi nyingi hupotea. Omba kuona kioo kabla hajahifadhi, au omba nakala iliyochapwa. Anza kusoma kutoka mwisho wa kila jina kurudi nyuma: I, Y, V, A, D. Ukisoma kutoka mwanzo, macho yanalijua jina na yanajaza yenyewe kisichokuwepo. Mwisho wa jina ndio unaokatika pia pale mfumo wenyewe una kikomo cha herufi. Karani anachapa zote, lakini kompyuta inaacha kupokea na yeye anatazama fomu, hatazami kioo.

Akikuuliza herufi kwa mdomo, usitamke silabi. Taja herufi pamoja na neno analolijua kila mtu: R ya rula, L ya lori, V ya viatu, Y ya yai, N ya nanasi, M ya meza.

Ukiwa na pasipoti, utaona chini ya ukurasa wa picha mistari miwili ya herufi na alama za `<`. Hiyo ni ya mashine. Mstari wake wa juu una nafasi 44, ambapo 39 ni za jina, na huanza na jina la ukoo. Jina letu lingekaa hivi, nafasi 35:

```
BIGIRINDAVYI<<GENEROZA<NTAHOMVUKIYE
```

Ritifaa haiandikwi kwenye mistari hiyo, na jina linalozidi 39 hukatwa kwa kanuni za kimataifa. Hilo si kosa la mtu, na halihitaji kiapo. Lakini usinakili jina kutoka hapo kwenda kwenye fomu nyingine. Nakili kutoka sehemu ya juu ya ukurasa huo, ambako jina limeandikwa kwa kusomwa na watu, na hata hapo utazame lebo, kwa sababu jina la ukoo ndilo linalotangulia.

Ukimaliza, ile karatasi ya daftari usiitupe. Iweke kwenye bahasha ya vyeti vyako ikiwa na mambo manne: jina kama lilivyo kwenye cheti, idadi ya herufi za kila jina, jumla pamoja na nafasi, na jozi zako salama kwa mpangilio utakaozitumia. Kwa jina letu ingesomeka: 8, 12, 12, jumla 34, KI, GI, RI, YI. Fomu inayofuata itakuwa na visanduku 32 au 28, na utajua kabla ya kufungua kalamu kama unabana viwili, au kama unaomba karatasi ya nyongeza.